PS5 na Hedifoni za Bluetooth: Kidude cha USB Kinasaidia Lini?

Mtu anayenunua PlayStation 5 huku akiwa na hedifoni nzuri za Bluetooth, zile anazotumia kwenye simu kila siku, hudhani kuziunganisha ni kazi ya dakika moja. Anafungua sehemu ya Bluetooth kwenye mashine, anajaribu kuziunganisha, kisha anaambiwa vifaa vya sauti vya aina hiyo havikubaliki. Hedifoni hazina ubovu wowote. Bluetooth ya PS5 ipo kwa ajili ya pedi, kibodi na vifaa vya jinsi hiyo. Haipeleki sauti kwenye hedifoni, na PS4 nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, ilifunguliwa njia hiyo Septemba 2021 tu, tena kwa masharti: pedi zisizidi mbili, na maikrofoni ya hedifoni haifanyi kazi. Wachezaji walifurahi, kisha wakagundua kwamba bunduki inalia baada ya risasi kutoka.

Chanzo ni safari ya sauti yenyewe. Sauti inayopita kwa Bluetooth hubanwa kwanza, ikarushwa vipande vipande, kisha ikafumuliwa ndani ya hedifoni. Lakini hedifoni haziichezi papo hapo. Huweka akiba kidogo, ili kipande kikipotea hewani kiweze kutumwa tena kabla msikilizaji hajasikia mkatiko. Akiba hiyo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya muda. Kwa mfumo wa kubana sauti uitwao SBC, ambao kila hedifoni ya Bluetooth ya muziki inaufahamu, ucheleweshaji wa milisekunde 150 hadi 250 ni jambo la kawaida.

Kwenye filamu tatizo hili halionekani, kwa kuwa programu ya video huichelewesha picha makusudi ili iende sambamba na sauti. Gemu haina nafasi hiyo, maana haijui mchezaji atabonyeza kitufe saa ngapi. Chukua gemu inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde: sauti ikichelewa milisekunde 200, fremu 12 zimeshapita. Hatua za adui aliye nyuma ya ukuta zinasikika wakati yeye ameshafika konani.

Hapo ndipo kidude cha USB kinapoingia, ila vipo vya aina mbili, na wauzaji wengi huvichanganya.

Cha kwanza huja ndani ya boksi la hedifoni za gemu. PS5 hukiona kama kadi ya sauti iliyochomekwa kwenye USB, kwa hiyo haikikatai. Kutoka hapo hadi masikioni, sauti husafiri kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 kwa utaratibu wa mtengenezaji mwenyewe, na akiba yake ni ndogo sana. Vingi huchelewesha milisekunde 20 hadi 40, yaani fremu moja au mbili. Maikrofoni nayo hupita njia hiyo hiyo. Mchezaji hukichomeka, huwasha hedifoni, na kama sauti haijahama yenyewe, hufungua Settings, kisha Sound, kisha Audio Output, akachagua kifaa hicho kwenye Output Device.

Aina ya pili ni kirusha sauti cha Bluetooth kinachouzwa peke yake. Hiki nacho PS5 hukikubali, lakini hakiwezi kupunguza ucheleweshaji ambao hedifoni zenyewe zinauleta. Kasi hutegemea mfumo ambao pande zote mbili zinaufahamu. Tuseme mtu amenunua kirusha sauti chenye aptX Low Latency, mfumo unaoweza kushusha ucheleweshaji hadi milisekunde 40 hivi, halafu akakiunganisha na AirPods. AirPods hazina aptX ya aina yoyote, basi kifaa kinarudi kwenye SBC au AAC. Sauti anaipata, kasi haipati, na fedha imeshatoka. Kwa gemu za hadithi au za kufikiri taratibu hatajuta sana; kwa mpira na risasi atajuta.

Kupima ni rahisi. Mchezaji hufungua gemu yenye kitendo cha ghafla, kama kuruka au kufyatua risasi, akasikiliza kwa hedifoni hizo, kisha akachomeka hedifoni za waya kwenye tundu la jeki la pedi na kurudia kitendo kile kile. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata huo waya hupokea sauti iliyotoka kwenye mashine kwa njia ya hewa hadi kwenye pedi. Tofauti ni kwamba Sony ndio wenye pande zote mbili za njia hiyo.

Sauti ikianza kukwaruza au kukatika, kosa ni la msongamano, si la kuchelewa. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hutumia mawimbi yale yale, na diski ya nje ya USB 3 iliyochomekwa jirani huweza kumwaga kelele humo. Kabla ya kurudisha hedifoni dukani, inafaa kukihamishia kidude kwenye tundu la mbele, au kukivuta mbali na diski kwa waya mfupi wa USB.