Hewa Ndani ya Mrija: Kwa Nini Printa ya Tangi Huvuja na Kuruka Mistari

Printa ya tangi ikianza kutoa kurasa zenye michirizi myeupe, watu wengi hukimbilia amri ya kusafisha kichwa. Wakisafisha mara moja wasione nafuu, husafisha tena, na tena, mpaka rangi iliyokuwa ikiruka mistari michache inapotea kabisa. Hapo mwenye printa huamini kichwa kimekufa. Mara nyingi kichwa ni kizima. Kinachokosekana ni wino kukifikia, kwa sababu ndani ya mrija pameingia hewa, na kila usafishaji umekuwa ukiivuta hewa hiyo karibu zaidi na kichwa.

Epson ilianza kuuza printa zake za tangi mwaka 2010, kuanzia Indonesia, wakati mafundi wa mitaani walikuwa tayari wakiunganisha chupa za wino na printa za katriji kwa mirija ya kununua madukani. Leo tangi limo ndani ya mwili wa printa, kama katika L3110 ambayo utaikuta kwenye maduka mengi ya steshenari, lakini kanuni haijabadilika. Wino hukaa kwenye tangi, hupita kwenye mrija mwembamba laini, huingia kwenye dampa, yaani kijisanduku kidogo cha plastiki kilichopandishwa juu ya kichwa, kisha hurushwa kwenye karatasi kupitia matundu madogo ambayo jicho haliyaoni.

Katika mpangilio huo tangi limewekwa chini ya kichwa, na kuna sababu. Uzito wa wino ulio kwenye mrija huuvuta wino wa kichwani kurudi nyuma kidogo, ndiyo maana haudondoki kwenye karatasi printa ikiwa imetulia. Kichwa nacho kinaporusha tone, huvuta tone jingine nyuma yake. Mvutano huu ni mdogo sana na hutegemea mambo mawili: wino uwe umeungana bila kukatika kutoka tangini hadi kichwani, na hewa iingie tangini kwa njia yake maalumu tu. Likiharibika la kwanza, printa huruka mistari. Likiharibika la pili, huvuja, au hukauka huku tangi limejaa.

Kabla ya kugusa chochote, chapa karatasi ya majaribio. Kwenye kompyuta fungua mipangilio ya printa, ingia sehemu iliyoandikwa Maintenance, kisha bonyeza Nozzle Check. Itatoka karatasi yenye vistari vidogo vya kila rangi. Usisafishe kwanza. Chapa karatasi ya pili, zilaze pamoja mezani na uzilinganishe. Pengo likiwa mahali palepale kwenye karatasi zote mbili, tundu limeziba kwa wino uliokauka, na kusafisha kunaweza kusaidia. Pengo likihama, au rangi ikianza vizuri kisha ikafifia kuelekea mwisho, hiyo ni hewa. Karatasi mbili za gharama ndogo hukuokolea wino mwingi.

Kisha inua sehemu ya skana na utazame mirija kwa tochi ya simu. Mrija wenye afya una rangi moja mfululizo. Wenye hewa utaonekana umekatika vipande: wino, uwazi, wino, uwazi. Kiputo kimoja kidogo kisikutie hofu. Uwazi mrefu ndio wa kushughulikiwa.

Nieleze kisa kimoja kwa ukamilifu, kwa kuwa kina karibu yote. Mama mmoja mwenye duka la steshenari mjini Morogoro alihitajika kuchapa fomu shuleni, akaipakia printa yake kwenye bodaboda, imelala chali juu ya mapaja ya kijana wa dukani. Wino mweusi tangini ulikuwa umeshuka chini ya mstari wa chini. Walipofika, pembeni mwa tangi palikuwa na madoa meusi, na ukurasa wa kwanza ulitoka na maandishi yaliyofifia upande mmoja. Kijana akasafisha kichwa. Nyeusi ikapungua. Akarudia, ikatoweka.

“Fundi, hii imeungua kichwa, au siyo?” mama aliniuliza kwenye simu. Nikamwomba aifunue na kuniambia anachokiona kwenye mrija mweusi. Akasema kuna sehemu hazina kitu, karibu upana wa vidole viwili, tena zaidi ya moja.

Tangi lina chumba cha wino na chumba kidogo cha hewa kilichounganishwa nacho. Printa ikilazwa, wino humiminika kwenye chumba cha hewa, na ukizidi hutokea nje: hayo ndiyo madoa. Wakati huohuo, kwa kuwa tangi lilikuwa karibu tupu, tundu la kuingilia mrijani lilikuwa juu ya wino, na mrija ukanyonya hewa. Baada ya hapo kila usafishaji ulifanya kazi yake sawasawa, yaani kunyonya kwa nguvu kutokea chini ya kichwa. Ila kilichokuwa mrijani kilikuwa hewa, ndicho kilichofika. Ni kama kunywa soda kwa mrija wakati chupa imebaki tone: ukivuta zaidi, unapata kelele tu.

Nilimwambia aache kusafisha kabisa, aiweke printa kwenye meza iliyo sawa, afute madoa kwa kitambaa kikavu, na ajaze tangi jeusi. Kujaza nako kuna adabu yake. Mfuniko hufunguliwa mmoja tu kwa wakati, ili rangi zisikosewe. Chupa haitikiswi kwa nguvu, kwa sababu povu lililo kwenye chupa litakuwa povu kwenye tangi. Wino humiminwa taratibu na kuachwa utelemke wenyewe, hadi mstari wa juu na si zaidi. Kujaza hadi mdomoni kunaonekana ni uangalifu, lakini wino unaopita mstari unaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kuilowesha. Njia ya hewa ikiziba, wino ukitoka hakuna kinachoingia mahali pake. Mvutano wa kurudi nyuma unakua, na printa inafifia kurasa chache tu baada ya kuanza, ingawa tangi limejaa tele. Mwisho mfuniko hukazwa mpaka ukae sawa. Mfuniko uliolegea huingiza hewa pasipotakiwa na kuvuruga ule mvutano unaozuia kuvuja.

Baada ya kujaza, aliambiwa asiguse kitu kwa saa 12. Huu si ushauri wa kubahatisha: maelekezo ya Epson kwa printa hizi yanataka angalau saa 12 za kupumzika bila kuchapa, iwapo kusafisha mara tatu hakujasaidia. Katika muda huo viputo vidogo huungana na kupanda juu, vingine huyeyuka ndani ya wino, na wino hujipanga upya. Asubuhi alichapa karatasi ya majaribio. Karibu nusu ya vistari vyeusi vilikuwa vimerudi bila kusafisha hata mara moja.

Hapo ndipo nilipomruhusu kutumia amri kubwa, iitwayo Power Cleaning. Amri hii hubadilisha wino wote uliomo kwenye mirija, ya rangi zote na siyo nyeusi peke yake. Kwa hiyo kila tangi linapaswa kuwa limejaa angalau theluthi moja kabla ya kuianzisha. Ukiianzisha tangi moja likiwa chini, utaondoa hewa kwenye mrija mmoja na kuiingiza kwenye mwingine. Kati ya mara moja na nyingine ziwe saa 12, na wino wote unaonyonywa huishia kwenye sponji za wino taka zilizo chini ya printa, ambazo zina mwisho wake. Mama yule aliifanya mara moja. Nyeusi ilirudi ikiwa na vistari vichache vilivyokatika, na baada ya kupumzika usiku mwingine ikatimia.

Printa yake ilipona kwa sababu hewa iliingia kwa tukio moja. Mambo ni tofauti ikiwa tatizo linarudi kila asubuhi. Jioni weka alama ya kalamu ya maka kwenye mrija, pale wino unapoishia. Asubuhi, kabla ya kuwasha printa, angalia tena. Wino ukiwa umerudi nyuma kuelekea tangini, kuna mahali hewa inaingia huko juu: kwenye kiungo cha mrija na dampa, kwenye mpira wa kuziba, au dampa yenyewe imepasuka. Hakuna usafishaji utakaoziba ufa. Dampa hubadilishwa, na fundi huvuta wino kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililofungwa kipande cha mpira kwenye mdomo wa kutolea wa dampa. Huvuta polepole, mililita mbili au tatu, mpaka utoke wino usio na povu. Kuvuta kwa haraka huleta viputo zaidi, na huweza kuchana ngozi laini iliyo ndani ya dampa. Kuvuta kwa mdomo kusifanyike kamwe.

Kwa printa inayoacha doa mezani, rangi ya doa hukueleza pa kuanzia. Doa la rangi moja safi linatoka tangini, mrijani au kwenye dampa ya rangi hiyo. Doa la matope meusi, mchanganyiko wa rangi zote, ni wino taka: sponji zimejaa, au mrija unaoupeleka wino huko umechomoka. Hapo kukaza mifuniko hakusaidii, sponji zibadilishwe.

Mirija yenyewe haidai mengi. Isivutwe wakati wa kutoa karatasi iliyokwama, na irudishwe kwenye vishikizo vyake, kwani ikitoka hukwaruzwa kila kichwa kinapopita au hukunjika na kukata wino. Wino wa aina mbili usichanganywe tangini, hasa wa rangi iliyoyeyuka na ule wa chembe, maana unaweza kuganda mrijani. Chapa walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.

Na printa ikilazimika kusafiri, isafiri ikiwa imesimama kama inavyokaa mezani, mifuniko imekazwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Mifano ya zamani kama L210 na L355 ina kitasa cha usafirishaji ubavuni mwa tangi: kifungwe kabla ya kuondoka, na kirudishwe kwenye hali ya kuchapa mkifika, la sivyo wino utakatika baada ya kurasa chache na mtadhani kichwa kimeziba.