Orodha ya Wasanii Katika Jukwaa Huru: Nani Apande, Lini, na kwa Dakika Ngapi

Jioni za jukwaa huru, hizi ambazo vijana huziita openi maiki, zimekuwa nyingi siku hizi hapa Pwani. Wenye mashairi wanakuja, wenye udi wanakuja, na wachekeshaji pia. Lakini nyingi huharibika kwa njia moja: walioandikwa mwisho wanapanda wakati viti viko tupu na bawabu anatikisa funguo. Na aghalabu wa mwisho ni wale wageni, kina dada na vijana ambao ndio mara yao ya kwanza. Mtu akisubiri saa mbili nzima kisha aambiwe muda umekwisha, harudi tena.

Kiini cha tatizo ni hesabu. Mpangaji ana ukumbi kwa dakika 120. Anaona kila msanii apewe dakika 5, anagawanya, anapata watu 24, anawaandika wote. Kasahau kuwa dakika 5 za msanii si dakika 5 za jioni. Mshereheshaji ataita jina, mtu atainuka kutoka kiti cha nyuma, atateremsha stendi ya maiki kwa kuwa aliyemtangulia alikuwa mrefu, kisha atapigiwa makofi akimaliza. Hayo hula dakika 2. Basi kila nafasi ni dakika 7.

Tufanye hesabu upya. Tuseme tumeshaswali Isha na tunaanza saa mbili na nusu, tumalize saa nne na nusu. Toa dakika 5 za kufungua, 15 za mapumziko ya kahawa tungu na kashata, na 5 za kufunga. Zimebaki 95. Zigawe kwa 7, unapata watu 13 na dakika 4 za ziada. Ni 13, si 24. Saba wapande kabla ya kahawa, na mapumziko yaanze saa tatu na dakika 24. Sita wapande baadaye, na wa mwisho ashuke saa nne na dakika 21. Ukiwa na watu wengi zaidi, punguza dakika za kila mmoja kabla ya siku yenyewe, usiwabane wakiwa jukwaani.

Sasa kujiandikisha. Nafasi zote 13 zikijazwa kwenye kundi la wasap wiki moja kabla, jukwaa huwa ni la marafiki wa mpangaji. Mimi naona 9 ziandikwe mapema na 4 ziachiwe watakaofika mlangoni. Kila mtu ajiandike mwenyewe, maana jina lililoandikwa na rafiki ndilo la kwanza kukosa mwenyewe. Kwenye daftari andika jina, simu, anachofanya, na kama ana chombo au muziki wa kuchezwa. Muziki huo utumwe kwa fundi wa mitambo mchana, asije mtu na simu yake ikaanza kulia katikati ya qasida.

Mchana wa siku yenyewe, baada ya Alasiri, wapigie wale 9. Usiulize, "Utakuja?" Utaambiwa insha'Allah, na sisi Waswahili twajua insha'Allah nyingine maana yake ni hapana ya adabu. Uliza, "Utasoma nini leo?" Anayekuja atakutajia shairi lake papo hapo. Anayebabaika, mwekee alama ya penseli.

Mlangoni, daftari liwe wazi kuanzia saa mbili kasorobo hadi saa mbili na robo. Hata aliyejiandikisha mapema ni lazima aweke saini. Tuseme wamefika 6 kati ya wale 9. Nafasi 3 zimefunguka, zinaungana na zile 4, zinakuwa 7. Na mlangoni wamekuja watu 8. Weka majina katika kofia, piga kura mbele yao, wa nane awe wa akiba. Kura ni bora kuliko kumtanguliza aliyefika mapema, kwa sababu wanaoishi karibu na ukumbi ndio hufika mapema kila mara.

Kura inakupa majina, haikupi mpangilio. Mpangilio ni kazi ya mtu, na una dakika 15 za kuufanya. Mwenye udi na mwenzake wa dumbaki wawe wa kwanza, au wa kwanza baada ya kahawa, ili vyombo vifungwe na kujaribiwa watu wakiwa hawajakaa. Wenye kuvuka feri ya Likoni na wenye watoto waulizwe, wapandishwe kipindi cha kwanza. Mashairi mawili ya huzuni yasifuatane. Anayepanda kwa mara ya kwanza nafasi ya tatu au ya nne yamfaa: watu wameshatulia, na yeye hajakaa mno na hofu yake. Wazoefu wapewe nafasi za mwisho, kwani hao ndio wanaoweza kuzuia watu wasiondoke. Kisha bandika orodha ukutani, kila mtu ajue anamfuata nani.

Kuhusu muda, washairi ndio wagumu zaidi, kwa sababu wao huhesabu beti, hawahesabu dakika. Ubeti wa tarbia wa mishororo minne yenye mizani 16 una mizani 64. Ukiusoma bila haraka, huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo dakika 5 ni beti 10. Ukiughani kwa mahadhi, huweza kufika dakika nzima, na beti 5 zimekutosha. Saa ianze mtu anapotamka neno la kwanza katika maiki, si ubeti wa kwanza, maana wengine hutoa utangulizi mrefu kuliko shairi lenyewe. Kila mtu akizidisha dakika 2 tu, watu 13 wamekula dakika 26, yaani wenzao karibu 4 hawatapanda.

Katika mashindano ya slamu, yaliyoanzia Chicago miaka ya 1980, kawaida ni dakika 3 na ziada ya sekunde 10, kisha alama hukatwa. Sisi hatushindani, kwa hiyo taa yatosha. Mtu akae safu ya mbele awashe tochi ya simu dakika ya 4. Dakika ya 5 mshereheshaji asimame kando ya jukwaa. Dakika ya 6 aanzishe makofi na fundi ashushe sauti. Sharti hili lisomwe mwanzoni, na aonyeshwe kwanza mzoefu au rafiki wa mpangaji. Akisamehewa huyo, hakuna wa kukubali tena.

Wabaki wanaopotea. Ameweka saini, ameitwa, hayupo, yuko nje na simu. Aitwe mara moja, apande anayemfuata, kisha aitwe mara ya pili. Hayupo bado, nafasi inakwenda kwa yule wa akiba. Na yule wa wasap aliyetokea saa tatu kasorobo, hata akiwa na jina kubwa, anakaa nyuma ya wa akiba. Zile dakika 4 za ziada hazimtoshi, kwani nafasi ni dakika 7. Aandikwe wa kwanza jioni ijayo, naye awe na saini yake daftarini kabla ya saa mbili na robo.