Tangawizi, Mimba Changa na Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda

Mimba ikifika wiki ya 6 hivi, harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani inatosha kumtoa mtu mbio hadi uani. Hapo mama mkwe, shoga na muuza genge wote husema neno moja: chemsha tangawizi. Nao hawakosei. Majaribio yaliyofanywa kwa wajawazito yameonyesha kwamba tangawizi hupunguza kichefuchefu, ingawa kwa kutapika kwenyewe msaada wake ni mdogo zaidi. Viungo vyake vikali husaidia tumbo kusukuma chakula mbele badala ya kukiacha kikae.

Kinachosahaulika ni kipimo. Majaribio mengi yalitumia gramu 1 ya unga mkavu kwa siku nzima, ikigawanywa mara 4. Hiyo ni kama nusu ya kijiko cha chai, basi. Ukitumia mbichi, kipande cha ukubwa wa pingili ya mwisho ya kidole gumba kinatosha siku nzima, kwa kuwa sehemu kubwa ya tangawizi mbichi ni maji. Kikwaruze, kichemshe dakika 10 hivi, uchuje, kisha unywe kidogo kidogo kutwa. Ukiikoleza mpaka koo linawaka utapata kiungulia, na mjamzito hahitaji kuongezewa hicho. Majani ya chai ni afadhali yasiwemo, maana huzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma yaliyo katika vidonge unavyopewa kliniki.

Kwa mjamzito mwenye afya, habari ingeweza kuishia hapo. Lakini kuna mama mwingine.

Tuseme ana miaka 26. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi ikamharibu moyo, akapasuliwa na kuwekewa vali ya chuma. Tangu hapo humeza wafarini kila jioni ili damu isigande kwenye vali ile. Mara kwa mara hupimwa INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Yeye, kwa vali iliyopo upande wa kushoto kati ya vyumba viwili vya moyo, hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye vali. Ikipanda mno, atavuja damu.

Sasa ana mimba ya wiki 7 na anatapika. Anachemsha tangawizi nyingi, birika zima kwa siku. Maabara imeonyesha kwamba viambato vya tangawizi huzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Kwa binadamu ushahidi umegawanyika: watu wenye afya waliopewa wafarini pamoja na tangawizi hawakuonekana kubadilika, ilhali kuna wagonjwa walioripotiwa INR zao kupanda sana baada ya kutumia tangawizi. Kwa hiyo daktari hasemi kwamba kikombe kimoja ni sumu. Anachokiogopa ni kuanza ghafla kunywa nyingi, au kumeza vidonge vya tangawizi vya dukani, bila kupimwa.

Isitoshe, kutapika kwenyewe kunavuruga hesabu. Kidonge kikitoka na matapishi, INR inashuka. Asipokula mchicha na matembele kwa wiki nzima, vitamini K inapungua na INR inapanda. Ukiongeza birika la tangawizi juu ya hayo, hakuna anayeweza kukisia damu yake ikoje. Ni lazima ipimwe.

Na bado kuna jambo kubwa kuliko tangawizi. Wafarini humpita mama ikamfikia mtoto, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu pua na mifupa yake. Ndiyo maana mara nyingi madaktari humhamishia mama kwenye sindano za heparini, ambayo haivuki kondo la nyuma, au hupanga naye njia nyingine kulingana na vali na dozi yake. Kuacha dawa mwenyewe nyumbani ni hatari vilevile: vali inaweza kuziba.

Aspirini ya dozi ndogo, wanayopewa baadhi ya wajawazito kuzuia kifafa cha mimba, nayo hugusa chembe sahani. Mtajie mkunga tangawizi yako kama unavyomtajia vidonge, na vile vya tangawizi viache dukani.

Fizi zikitoka damu zenyewe, damu ya pua ikikataa kukatika, choo kikiwa cheusi kama lami wakati huli vidonge vya chuma, au damu ikitoka ukeni, weka kikombe chini uende hospitali. Nenda pia ukishinda siku nzima bila hata maji kukaa tumboni. Na wewe unayetumia wafarini, siku ya hedhi ikipita tu, usingoje kichefuchefu: pima mimba, kisha nenda kliniki ya moyo siku hiyohiyo.