Mistari Minne ya Juu ya Wasifu

Mwajiri mwenye rundo la wasifu mezani huanza na muhtasari wa juu, na hapo ndipo mzazi aliyekaa nyumbani miaka mingi hujiharibia. Huandika: "Ingawa sijaajiriwa tangu 2018, niko tayari kujifunza." Ameshajishusha bei kabla hajataja kazi anayoijua.

Chukua karani wa hesabu aliyeacha kazi kulea watoto na kumuuguza mama mkwe. Aanze na fani yake, kisha pengo alitaje waziwazi:

"Karani wa hesabu, uzoefu wa miaka sita wa kulipa wazabuni na kulinganisha taarifa za benki na vitabu. Kuanzia 2018 hadi 2024 nililea familia: niliratibu kliniki na dawa za mgonjwa, nikafuatilia madai ya bima, nikawa mhazini wa kikoba cha wanachama 25. Natafuta kazi katika idara ya malipo."

Jina la ugonjwa halimo. Hiyo ni siri ya mgonjwa. Kikoba ndicho chenye uzito zaidi, maana daftari lipo na mwenyekiti anaweza kupigiwa simu. "Mvumilivu" na "mchapakazi" hakuna awezaye kuyahakiki, hivyo yaachwe. Vilevile cheo cha mzaha kama "meneja wa nyumba": nakiona ni aibu ileile iliyovalishwa suti.