Taa Inayojiwasha Giza Likiingia: Vipindi Vitatu vya Klabu ya Elektroniki

Klabu nyingi za elektroniki shuleni hukwama mahali pamoja. Leo taa inawaka na kuzima, watoto wanashangilia. Kipindi kinachofuata wanaletewa mradi mzima wa kihisi, wanaunga nyaya kwa kunakili mchoro. Kwa maoni yangu, kipindi cha katikati kiwe cha kusoma namba tu.

Cha kwanza ni chepesi: ubao wa Arduino Uno, taa ya LED na rezista ya omu 220. Mguu mrefu wa taa uende pini 13, mfupi upitie rezista hadi GND. Taa ikigoma, geuza miguu yake kabla ya kugusa programu. Kisha wanafunzi wapunguze `delay(1000)` hadi 100, halafu 10, waone taa ikionekana kana kwamba haizimi.

Kipindi cha pili ndicho chenye kazi. Ukinzani wa kihisi mwanga hushuka mwanga unapozidi, lakini Arduino haipimi ukinzani, inapima volti. Basi unga kihisi kati ya 5V na A0, na rezista ya omu 10,000 kati ya A0 na GND, vigawane volti 5. Tuseme mwangani kihisi kina omu 1,000: rezista inapata sehemu 10 kati ya 11, yaani volti 4.5 hivi, na kwenye kipimo cha 0 hadi 1023 inasomeka takriban 930. Kikifunikwa kwa kiganja kikafika omu 100,000, namba inaporomoka hadi 93 hivi. Weka `Serial.begin(9600);` ndani ya `setup()`, halafu:

```
void loop() {
  Serial.println(analogRead(A0));
  delay(500);
}
```

Namba ikiganda karibu na 1023 hata gizani, rezista haijashika GND. Ikiganda kwenye 0, kagua waya wa 5V. Kila kundi liandike daftarini namba za dirishani, za chini ya dawati na za chini ya kiganja.

Daftari hilo ndilo linaloamua kipindi cha tatu. Kundi lililopata 650 dirishani na 200 chini ya dawati linaweza kuanza na mpaka wa 300. Lakini mpaka mmoja una kasoro: taa ikiwaka, mwanga wake unakipiga kihisi, namba inapanda, taa inazima, giza linarudi, inawaka tena. Waacheni wanafunzi waione ikipepesa na wajadili chanzo chake. Dawa ni mipaka miwili:

```
int m = analogRead(A0);
if (m < 300) digitalWrite(13, HIGH);
if (m > 400) digitalWrite(13, LOW);
```

Kati ya 300 na 400 taa inabaki ilivyokuwa. Ikiendelea kupepesa, mwanga wake unaipandisha namba kwa zaidi ya 100: kivisheni kihisi kipande cha mrija mweusi, au kisogezwe mbali na taa. Na kundi lisiazime namba za jirani, kwa kuwa vihisi viwili vya mfuko mmoja husoma tofauti mahali palepale.