Barua kwa Mwanafunzi Aliyepoteza Fedha Zake Sokoni

Ndugu Mwanafunzi,

Barua yako tumeipokea, na taarifa ya akaunti uliyoiambatisha tumeisoma mstari kwa mstari. Umetuuliza swali moja: yawezekanaje yuro ishuke kidogo tu, kisha kesho yake irudi pale pale uliponunulia, nawe ubaki na dola 22 kati ya dola 200 ulizokuwa nazo? Waona kwamba dalali amekudhulumu. Sisi tuliofanya biashara hii ya fedha za kigeni kwa miaka mingi twakujibu hapa gazetini, kwa kuwa wako wafanyakazi wengi wanaoifanya kwa simu zao usiku baada ya kazi, na swali lako ni lao pia.

Na tuifuate hesabu yako hatua kwa hatua. Uliagiza loti 0.20 za yuro kwa bei ya dola 1.1000. Loti moja ni yuro 100,000. Kwa hiyo ulinunua yuro 20,000, yaani mali ya dola 22,000, hali mfukoni una dola 200. Dalali alikuruhusu kwa sababu mkataba wake unakuwezesha kushika mali mara 500 ya dhamana unayoweka. Alizuia dola 44 tu kuwa dhamana, na simu ikakuonyesha kwamba dola 156 zingali huru. Ukadhani kwamba umetia hatarini sehemu ndogo ya fedha zako.

Hapo ndipo ulipopotea. Zile dola 44 hazikuwa kipimo cha hatari. Kipimo cha hatari ni zile dola 22,000, ambazo ni mara 110 ya fedha zako zote. Bei ikishuka sehemu moja tu katika mia, hasara ni dola 220, nazo zapita akiba yako yote. Katika soko hili twaihesabu bei kwa tarakimu ya nne baada ya nukta, na hatua moja ya tarakimu hiyo tuiite pointi. Kwa mali uliyoishika, kila pointi moja ilikuwa na thamani ya dola 2. Yuro kusogea pointi 50 katika siku moja ni jambo la kawaida kabisa. Maana yake ni kwamba siku ya kawaida ilitosha kukunyang'anya dola 100.

Bei iliposhuka hadi 1.0970 ulikuwa umepoteza dola 60. Badala ya kutoka, ukanunua loti 0.20 nyingine, ukisema kwamba sasa yuro ni rahisi na bei yako ya wastani itakuwa nafuu. Ni kweli wastani ulishuka, lakini kila pointi sasa ilikula dola 4, na fedha za kuistahimili zilikuwa zimepungua. Uliongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha kupiga magoti.

Kanuni ya dalali wako imeandikwa katika mkataba: fedha zako zikishuka hadi nusu ya dhamana, mashine itafunga biashara, ikianza na ile yenye hasara kubwa. Bei ilipofika 1.0946, hasara yako ilikuwa dola 156, ukasaliwa na dola 44, na dhamana ilikuwa kama dola 88. Mashine ikaifunga biashara ya kwanza. Pointi 11 baadaye, kwenye 1.0935, ikaifunga na ya pili. Ukabaki na dola 22. Kutoka mwanzo hadi mwisho yuro ilishuka pointi 65 tu, ambazo hazifiki hata sehemu moja katika mia ya bei yake. Wala hapakuwa na dhuluma. Ulibashiri sawa kwamba bei itapanda, lakini ilipopanda hukuwa tena na kitu mkononi.

Basi kiasi cha kununua hupatikanaje? Mfanyabiashara hupima kinyume cha ulivyopima wewe. Kwanza huamua ni bei gani itakayomthibitishia kwamba amekosea, na hapo huweka amri ya kukata hasara. Pili huamua ni fedha ngapi yuko tayari kuzipoteza. Tatu ndipo hugawanya. Tuseme ungeweka amri yako pointi 40 chini ya bei ya kununulia, na ungekubali kupoteza dola 4, yaani sehemu 2 katika mia ya akaunti yako. Dola 4 kwa pointi 40 ni senti 10 kwa pointi moja, na hiyo ni loti 0.01. Wewe ulianza na mara 20 ya kiasi hicho. Kwa loti 0.01 ungeweza kukosea mara kumi mfululizo na bado ukawa na kama dola 160.

Hata hivyo hatutaki kukudanganya. Loti 0.01 ndiyo ndogo kuliko zote kwa madalali wengi, kwa hiyo mwenye dola 200 hana nafasi ya kupunguza zaidi. Anayetaka kuhatarisha sehemu 1 tu katika mia, kwa pointi zizo hizo 40, hana budi kuwa na dola 400. Na amri ya kukata hasara nayo si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafula kulinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro moja. Bei ikaruka, amri zikatekelezwa mbali sana na pale zilipowekwa, na wengine wakajikuta wana deni kwa madalali.

Huko Ulaya, mamlaka ya masoko ilichunguza jambo hili, na mwaka 2018 ikatangaza kwamba kati ya akaunti 74 na 89 katika kila mia za wateja wadogo hupata hasara. Ikaweka kikomo cha mara 30 kwa fedha kubwa kama yuro na dola. Kwa kikomo hicho dola zako 200 zisingeweza kununua hata loti 0.06, na kosa lako lisingewezekana.

Mwisho, waeleza kwamba unataka kuongeza fedha za ada ya muhula ujao ili urudishe zilizopotea. Twakusihi usifanye hivyo. Aliyepoteza nusu huhitaji kuzidisha kilichobaki mara mbili ili arudi alipokuwa. Wewe, kutoka dola 22 hadi 200, wahitaji kuzidisha zaidi ya mara tisa, na hilo halipatikani ila kwa kununua kwa kiasi kile kile kilichokuangusha. Zitoe hizo 22 zilizobaki, na ada uilipe shuleni. Ukitaka kuendelea kujifunza, tumia akaunti ya mazoezi isiyo na fedha, na kabla ya kila biashara andika daftarini tarakimu tatu: bei ya kuingia, bei ya kutoka ukiwa umekosea, na fedha zitakazopotea. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile tarakimu ya tatu ingeandikwa kabla hujabonyeza simu, ungeiona hasara ingali kwenye karatasi.