Azimio la Bodi: Nani Ameazimia, Nini, na Mwisho Lini

Wengi wetu tulioko ughaibuni tumo kwenye bodi za vikundi vya nyumbani, Kibera au Kawangware. Azimio hutufikia kwa WhatsApp, nasi tunajibu "sawa" bila kulisoma mara mbili. Tuchukue mfano wa sentensi ya aina hiyo:

"Imekubaliwa kwamba pesa za mradi wa maji zihamishiwe Kawangware na watia sahihi wabadilishwe kufikia 06/07/2026."

Waliohudhuria mkutano wanaielewa vizuri. Karani wa benki hakuhudhuria.

Anza na "imekubaliwa". Na nani? Jibu liko kwenye katiba ya kikundi, ile inayotakiwa wakati wa kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Isome kabla ya kugusa nukta yoyote. Ikiwa inasema mwekahazina huchaguliwa na mkutano mkuu, bodi haiwezi kumweka mwingine, hata azimio liandikwe kwa ufasaha namna gani. Hapo dosari ni ya mamlaka, na kalamu ya mhariri haiiponyi.

Halafu tarehe. Kwetu 06/07 ni tarehe 6 Julai, siku ya Jumatatu. Kwa mjumbe aliyezoea mtindo wa Marekani ni Juni 7, tena Jumapili. Andika jina la mwezi. Neno "kufikia" nalo linaacha shaka kama siku yenyewe imo, kwa hiyo taja saa. Na kwa kuwa wajumbe wametawanyika, sema ni saa ya Nairobi.

Mambo mawili yaliyobebwa na sentensi moja yatenganishwe, kila moja na mtu wake. La kwanza lingesomeka hivi:

"Bodi, iliyokutana Kibera tarehe 9 Mei 2026, wajumbe 7 kati ya 9 wakiwapo, imeazimia kwamba mwekahazina ahamishe Sh180,000 (shilingi laki moja na themanini elfu) kutoka akaunti ya mradi wa maji hadi akaunti ya tawi la Kawangware, kabla ya saa tisa alasiri, saa ya Nairobi, tarehe 6 Julai 2026."

Hapa cheo kinatosha, maana kazi inabaki hata mwekahazina akibadilika. Kwenye azimio la watia sahihi cheo hakitoshi: andika majina kamili na namba za vitambulisho, anayetoka na anayeingia, pamoja na siku ambayo mamlaka ya anayetoka yanakoma. Siku hiyo ikiachwa, mtu aliyekwisha kuondoka anaweza kuendelea kutia sahihi hundi.

Kosa likionekana baada ya mwenyekiti na katibu kutia sahihi, msifute kwa kalamu. Pitisheni azimio jipya linalotaja tarehe ya lile la zamani na kusema wazi kwamba linalibatilisha.